Ngozi ya Kweli Hujulikana Ukingoni

Mwaka juzi nilisafiri na ahali yangu kutoka Mombasa kwenda Migori kumzuru binti yetu aliyeolewa huko. Sokoni alimnunulia mkoba wa rangi ya kahawia kwa shilingi 3,500. Muuzaji aliapa kuwa ni ngozi ya ng'ombe, na mama wa watu alipounusa akasadiki. Tuliporejea mwaka huu, mkoba ulikuwa umebabuka mkononi na pembeni kama ukuta uliotoka chokaa, ilhali binti yetu aliubeba siku za sherehe tu.

Siku ya pili tulikwenda Homa Bay kwa shughuli nyingine, nikauchukua nikampa fundi viatu mmoja. Alikata kipande chembamba chini ya bitana, akakikunja kati ya vidole. Kikamomonyoka.

"Sheikh, muuzaji hakukudanganya kwa yote," akasema. "Ngozi imo humu, ila imesagwa."

Hiyo ndiyo ngozi ya kuunganishwa. Vipande na vumbi vinavyobaki viwandani husagwa, vikachanganywa na gundi, vikakandamizwa kuwa karatasi, mara nyingi juu ya kitambaa. Kisha hupakwa plastiki nyembamba na kupigwa chapa ya mistari ifanane na ngozi ya mnyama. Plastiki ya aina ya poliurethani huharibiwa taratibu na joto na unyevu wa hewa, hata mkoba ukiwa kabatini. Kwa hiyo hewa ya Ziwa Viktoria, kama hii yetu ya pwani, huitoa aibu yake upesi.

Fundi alinionyesha kuwa pa kutazama ni ukingo uliokatwa, wala si uso. Fungua mkoba, utafute mahali ambapo ngozi haikukunjwa wala kupakwa rangi: mwisho wa zipu, ndani ya mfuko mdogo, au kwenye matundu ya mkanda. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana, na kitu ni kimoja toka juu hadi chini. Ngozi ya kuunganishwa huonekana kama unga wa mbao ulioshindiliwa, nayo huchubuka ukiikwaruza kwa ukucha. Ngozi bandia haina chochote cha mnyama: utaona kitambaa au sponji, na juu yake utando wa plastiki. Ikiwa kingo zote zimezibwa kwa rangi nene, mwombe muuzaji akuonyeshe ndani ya bitana. Akikataa, usiutegemee mkoba ule.

Baada ya ukingo, tazama uso kwenye mwanga. Vitundu vya nywele vya mnyama havikupangwa kwa mpangilio mmoja, na huenda ukaona kovu au alama ya kuumwa na kupe. Mchoro unaojirudia vilevile kila baada ya shubiri ni kazi ya mashine. Kisha bonyeza kwa kidole gumba: ngozi halisi hufanya mikunjo midogo midogo kuzunguka kidole, na plastiki aghalabu hubonyea tu. Lakini dalili hizi mbili zina mpaka, kwa kuwa ngozi halisi iliyopakwa rangi nene nayo huficha vitundu vyake.

Harufu si ushahidi. Ngozi iliyosagwa hunuka ngozi, na plastiki yaweza kutiwa harufu. Moto nao hauamui: ni kweli kuwa plastiki tupu huyeyuka, lakini iliyosagwa hutoa harufu ya nywele zilizoungua sawasawa na ngozi halisi. Tena utakuwa umeunguza mali ya mtu kabla hujainunua. Tone la maji vilevile halitoshi, kwani ngozi halisi iliyopakwa rangi huyazuia maji kama plastiki.

Kwetu Waislamu kuna jambo jingine. Ngozi ya nguruwe haitahiriki kwa kudabaghiwa, na katika vumbi lililosagwa hakuna jicho linaloweza kumtambua mnyama. Kwa ngozi nzima ipo dalili: vitundu vya nywele vya nguruwe aghalabu hukaa vitatu vitatu, kama mafiga. Uliza pia juu ya bitana, kwani ngozi yake hutumika hapo.

Kuuza ngozi bandia si kosa. Kosa ni kuiita isivyo. Fiqhi humpa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo juu ya bidhaa. Lakini haki yataka ushahidi, nasi hatukuwa na karatasi yoyote mkononi. Safari hii, kabla ya kulipa mkoba mwingine Migori, nilimwomba muuzaji aandike kwenye risiti: "Ngozi nzima ya ng'ombe." Aliishika kalamu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sheikh, huo ninaouandika ni ule wa juu pale. Huu nitakupunguzia bei."