Tone Lisimame, Tone Lisambae
Dawa ya kulainisha nguo na madhara yake kwa mavazi ya mvua na ya michezo

Sisi watu wa Pwani tumelelewa na nguo zinazonukia. Kanzu hufukizwa udi, shuka hutiwa asumini, na siku hizi nguo nyingi hazitoki katika beseni bila kutiwa kile kimiminika chenye harufu ya maua kinachouzwa kwa jina la dawa ya kulainisha nguo. Nilipohamia Nyeri na watoto wangu niliibeba desturi hiyo, na kwa miaka kadhaa sikuona ubaya wake. Ubaya wake niliuona Disemba moja, kijana wangu aliporejea kutoka Mlima Kenya akitetemeka, ilhali alikuwa amevaa jaketi la mvua ambalo mwaka uliotangulia halikupitisha hata tone.

Yeye na wanafunzi wenzake walikuwa wamepanda kwa njia ya Naro Moru. Njia hiyo hupita msituni hadi kituo kiitwacho Met, kwenye mwinuko wa mita 3,000 na ushei, kisha huingia katika kinamasi cha mteremko mkali ambako mvua na ukungu havina miadi. Huko baridi si jambo la kustahimili kwa ubishi. Aliyelowa huku upepo ukimpiga hupoteza joto la mwili upesi kuliko mwili unavyoweza kulizalisha. Mwongozaji wao, mtu mzima wa Naro Moru aliyezoea mlima, alimtazama, akamvua jaketi na jezi, akamvika sweta kavu la sufi, na akaamua kumrudisha chini. Wenzake waliendelea kuelekea Pointi Lenana, penye mita 4,985; wangu akarudi nyumbani.

Siku ya pili mwongozaji alipita kwetu kuleta mkoba uliosahaulika. Nikamlalamikia kwamba jaketi limeoza. Hakunijibu. Aliomba kijiko cha maji, akalitandaza jaketi mezani, akadondosha tone begani. Tone halikusimama, lilitanda, na kitambaa kikageuka rangi kama karatasi iliyolowa. Kisha akaiomba jezi ya michezo ambayo kijana aliivaa ndani ya jaketi, akadondosha tone jingine. Hilo likasimama kama lulu, halitaki kuingia.

“Mama,” akasema, “hapa mambo yamegeuka juu chini. Jaketi linakunywa maji, jezi inayakataa. Nguo hizi unazitia ile dawa ya kunukia?”

Nikakiri. Na hapo ndipo nilipoanza kujifunza.

Dawa moja, madhara mawili

Dawa ya kulainisha haifanyi kazi ya kusafisha. Kazi yake ni kubaki katika nguo baada ya kusuuzwa. Kila chembe yake ina kichwa na mkia: kichwa hung'ang'ania uzi, na mkia, ambao asili yake ni mafuta, huelekea nje. Mikia hiyo ikiwa mingi huuvika uzi joho jembamba la utelezi, na ndiyo maana mkono ukipita juu yake huhisi ulaini. Katika shuka la pamba hilo halina neno. Katika taulo tayari ni hasara, kwani taulo lenye utando wa mafuta halifuti maji vizuri, kama kitambaa cha jikoni kilichoingia samli.

Jezi ya michezo imefumwa kwa poliesta, na poliesta yenyewe hainywi maji. Jasho husafiri katika nafasi nyembamba zilizo baina ya nyuzi, kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa koroboi, kisha hutandaa upande wa nje na kukauka kwa upepo. Utando wa dawa ukizifunika nyuzi hizo, jasho halivutwi tena. Hubaki juu ya ngozi, na mtu akisimama kupumzika katika baridi ya Nyeri, jasho hilo humgeukia barafu. Aidha, utando huo hufungia ndani mafuta ya mwili na vijidudu viletavyo harufu. Ndiyo sababu jezi hunukia maua ikiwa kabatini, na hunuka kwapa dakika kumi baada ya kuvaliwa. Mama naye, akidhani manukato hayakutosha, huongeza dawa, na tatizo likazidi.

Jaketi la mvua lina walinzi wawili. Ndani kuna utando mwembamba unaozuia tone la maji lakini unaopitisha mvuke wa jasho. Nje, kitambaa kimepakwa kiwandani dawa inayolifanya tone lijikunje na kubingirika. Dawa ya kulainisha ikikaa juu ya mlinzi huyu wa nje humfunika, na kwa kuwa ni ya ukoo mmoja na sabuni, hulifanya tone la mvua litandae badala ya kubingirika. Kitambaa cha nje kikisha kulowa, mvuke wa jasho haupati njia ya kutoka, hugeuka maji kwa ndani, na mvaaji hudhani jaketi linavuja. Mara nyingi halivuji. Kijana wangu alilowa zaidi kwa jasho lake mwenyewe kuliko kwa mvua, na jezi iliyopaswa kuliondoa jasho hilo nayo ilikuwa imezibwa.

Jinsi tulivyolirudisha jaketi

Kwanza tuliyachunguza maradhi yenyewe. Nililikunja jaketi mfano wa bakuli, upande wa nje ukiwa juu, nikatia kikombe cha maji na kuliacha dakika kumi juu ya beseni kavu. Kitambaa cha nje kililowa, lakini upande wa ndani ulibaki mkavu. Hiyo ni dalili kwamba utando wa ndani ni mzima na nguo inaweza kutengenezeka. Kama maji yangedondoka, au kama utando wa ndani ungekuwa unabanduka vipande vipande, hakuna ufuaji ambao ungelisaidia.

Kisha nililiosha beseni lenyewe kwa maji ya moto, kwa maana mabaki ya dawa hukaa humo. Mwenye mashine na asafishe pia kile kisanduku cha kutilia sabuni. Nilifunga zipu zote, nikatia lita kumi za maji ya uvuguvugu yasiyochoma kiganja, na kijiko kikubwa kimoja cha sabuni ya maji isiyo na dawa ya kulainisha wala ya kung'arisha. Nililoweka nusu saa, nikasugua kwa kitambaa laini penye kola, mabega na vifundo vya mikono, bila kulikamua kwa kulisokota, kwa sababu kusokota huvunja utando.

Baada ya hapo nilisuuza mpaka povu likaisha, kisha nikasuuza mara mbili zaidi. Hatua hii watu huidharau, lakini sabuni iliyobaki katika jaketi hufanya ubaya uleule wa dawa tunayoikimbia. Maji ya kwanza yalitoka na utelezi na harufu ya maua, ijapokuwa nilikuwa sijatia manukato yoyote. Nikafua tena, na tena. Mara ya tatu harufu ilikuwa imekwisha.

Kwa wasomaji wetu wa Pwani kuna neno la kuongeza. Maji ya visima vyetu, yaliyopita katika mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi. Sabuni ya mche ikikutana nayo hufanya ukoko mweupe unaoganda nguoni, nao pia huziba nyuzi. Kwa nguo hizi tumieni sabuni ya maji, na kwa suuzo la mwisho tumieni maji ya mvua ikiwa mnayo.

Jaketi lilipokauka kivulini tone bado lilitanda kidogo, na hilo lilinivunja moyo. Mwongozaji alikuwa amenionya: dawa ya kiwandani hulala baada ya kufuliwa, na huamshwa na joto. Nilitazama lebo, nikaona alama ya pasi yenye nukta moja, maana yake joto la chini kabisa linaruhusiwa. Nikaweka kitambaa chembamba cha pamba juu ya jaketi, nikapitisha pasi vuguvugu bila mvuke, polepole, pasipo kuituliza mahali pamoja. Mwenye mashine ya kukaushia, kama lebo inaruhusu, atumie joto la chini kwa dakika ishirini hivi. Lebo ikikataza joto, ikhitimishwe hapo. Na katika miezi ya Juni na Julai, Nyeri inapofunikwa na ukungu na nguo hazikauki, msilitundike jaketi karibu na jiko la makaa. Nailoni huyeyuka kabla hujanusa.

Nilipodondosha tone baada ya pasi, lilijikunja likabingirika hadi mezani. Mahali pamoja tu, begani ambapo mkanda wa mkoba husugua, liliendelea kutanda. Hapo dawa ya kiwandani ilikuwa imekwisha kweli, wala haikuwa imefunikwa tu. Sehemu ya namna hiyo huhitaji kupuliziwa dawa mpya ya kuzuia maji, ipatikanayo kwa wauzaji wa vifaa vya kupandia mlima. Lakini isipakwe kabla ya kufua, kwani haishiki juu ya utando wa mafuta.

Jezi, suruali za mazoezi na mitandio ya michezo

Hizi tiba yake ni nyepesi zaidi. Zigeuzwe ndani nje, ziloweke nusu saa katika lita tano za maji baridi yenye nusu kikombe cha siki nyeupe, kisha zifuliwe kwa sabuni kidogo ya maji na kusuuzwa vyema. Harufu ya siki hutoweka nguo ikikauka. Nguo iliyozoea dawa kwa muda mrefu hudai kurudiwa mara mbili tatu. Zianikwe kivulini, kwa kuwa nyuzi zinazovutika hulegea kwa joto kali.

Tahadhari moja haina msamaha: siki isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayounguza kifua, hasa katika bafu dogo lisilo na dirisha. Na dawa hiyo ya kung'arisha, hata peke yake, huzidhoofisha nyuzi zinazovutika.

Tangu siku ile nguo zetu zina matenga mawili. Kanga, kanzu na shuka zingali zinanukia kama zamani. Mavazi ya mvua na ya michezo yana tenga lake, na harufu yake ni ya usafi tu. Kabla ya kijana kuondoka kwenda mlimani mara ya pili, alichukua kijiko mwenyewe. Juu ya jaketi tone likasimama; juu ya jezi likasambaa. Ndipo akafunga mkoba.