Asilimia 95 haipatikani kila mahali

Mwaka 1846 Adolphe Quetelet, mtaalamu wa falaki na takwimu wa Ubelgiji, alichapisha jedwali la vipimo vya vifua vya askari wa Scotland. Vipimo hivyo havikuwa vyake. Alivitoa katika jarida la kitabibu la Edinburgh la mwaka 1817, na watu waliorudia kazi hiyo baadaye waligundua kuwa alipokuwa akinakili aliteleza hapa na pale. Hata hivyo jedwali lake limedumu. Lina askari 5,738, wenye vifua vya kuanzia inchi 33 hadi 48, na wastani wa kama inchi 39.8.

Wastani huo hauelezi kama askari wengi walikaribiana au walitawanyika. Kwa hilo wanatakwimu hutumia mkengeuko sanifu. Huchukua tofauti kati ya kipimo cha kila askari na wastani, huizidisha kwa yenyewe, hutafuta wastani wa majibu yote, kisha hutoa kipeuo cha pili. Kwa askari hawa mkengeuko ni takriban inchi 2.05.

Sasa hesabu inaanza kunoga. Ukirudi nyuma mkengeuko mmoja kutoka kwenye wastani, na kusonga mbele mmoja, unapata eneo la kuanzia inchi 37.8 hadi 41.9. Humo wamo askari 3,835, yaani karibu asilimia 67. Ukipanua hadi mikengeuko miwili kila upande, wanaingia 5,468, asilimia 95 na kidogo. Kwa mikengeuko mitatu wanakuwa 5,709, nao ni asilimia 99.5.

Aliyesoma takwimu kidogo atakuwa ameshazitambua namba hizo. Ni jirani kabisa za 68, 95 na 99.7, namba tatu ambazo wanafunzi hukaririshwa kama kanuni ya data inayochorwa kwa umbo la kengele: nundu moja katikati, na miteremko miwili inayofanana. Vifua vya askari vina umbo hilo, ndiyo maana kanuni imekubali. Ugumu ni kwamba watu huondoka darasani na asilimia zile tatu, na sharti la kengele wakaliacha humo humo.

Maziwa makuu ya Afrika yanatosha kuonyesha madhara yake. Kwa maelfu ya kilomita za mraba, Viktoria lina takriban 69, Tanganyika 33, Nyasa 30, Turkana 6, Albert 5, Kivu 3 na Edward 2. Wastani wa yote saba ni kama 21, na mkengeuko sanifu ni kama 23. Kabla ya kwenda mbali, zitazame namba hizo mbili zikiwa pamoja. Wastani ukiutoa mkengeuko mmoja unabaki na pungufu ya 2. Katika data ya umbo la kengele, karibu asilimia 16 ya vitu huwa chini ya alama hiyo. Hapa lingetakiwa kuwepo walau ziwa moja lenye eneo chini ya sifuri. Kwa vitu visivyoweza kushuka chini ya sifuri, kama eneo, mshahara au muda wa kungoja basi, mkengeuko unaoukaribia au kuupita wastani ni dalili ya wazi kwamba kengele haipo. Hahitajiki hata mchoro kuligundua hilo.

Tukiendelea kwa ukaidi, ndani ya mkengeuko mmoja tunakuta maziwa sita kati ya saba, asilimia 86 badala ya 68. Ndani ya miwili ni sita yale yale, maana mpaka wa juu ni 67 na Viktoria limeuvuka. Asilimia 95 iliyoahidiwa haikupatikana.

Data ya namna hii inafaa kupelekwa kwa Pafnuty Chebyshev, mwanahisabati wa Urusi aliyefundisha St. Petersburg. Mwaka 1867 alithibitisha kikomo kisichouliza umbo la data. Kwa idadi yoyote k ya mikengeuko iliyo kubwa kuliko 1, sehemu ya data iliyo ndani ya umbali huo kutoka kwenye wastani haipungui

1 − 1/k²

Weka 2 mahali pa k, upate angalau asilimia 75. Weka 3, upate karibu asilimia 89. Mfaransa Irénée-Jules Bienaymé alikuwa ametangulia kuchapisha wazo hilo mwaka 1853, ingawa jina lililoshika ni la Mrusi.

Kwa nini kikomo hiki hakivunjiki? Ufikirie mraba wa mkengeuko sanifu kama bajeti. Bajeti hiyo ni wastani wa miraba ya tofauti zote, na kila kitu kina gharama yake. Kilicho mbali kwa mikengeuko miwili au zaidi kinakula angalau mara nne ya gharama ya wastani. Robo ya vitu vyote vikikaa huko, bajeti yote imekwisha, na vinavyobaki lazima vikae juu ya wastani penyewe bila kusogea hata kidogo. Kupita robo haiwezekani. Kwa maziwa yetu, Viktoria peke yake limemeza takriban asilimia 62 ya bajeti, jambo linaloeleza kwa nini mkengeuko umefura hadi kuupita wastani.

Uhakika huo una bei. Kwa k sawa na 1, kikomo kinajibu kwamba angalau asilimia sifuri ya data imo ndani, jibu ambalo ni la kweli na halimsaidii mtu. Kwa wale askari, kikomo kingeahidi asilimia 75 mahali ambapo kwa kweli wamo 95. Fundi nguo wa jeshi aliyemtegemea Chebyshev angeandaa sare za ukubwa usio wa kawaida kwa robo ya kikosi, na nyingi zingeozea stoo. Pale kengele inapoonekana waziwazi kwenye mchoro, kung'ang'ania kikomo hicho ni kutupa taarifa uliyo nayo mkononi.

Lipo kosa jingine, na hili huwakamata hata wanaojua kanuni zote mbili. Chebyshev anasema kisichozidi asilimia 25 kiko nje ya mikengeuko miwili. Mtu huona pande ni mbili, akagawanya kwa mbili, akatangaza kwamba juu ya mpaka hakizidi asilimia 12.5. Kwa data yenye pande zinazolingana hakosei. Kwa maziwa amekosea: juu ya mpaka lipo moja kati ya saba, asilimia 14.3, na chini hakuna hata moja. Robo ile ni ya pande zote kwa pamoja, wala hakuna kinachoilazimisha igawanywe sawa.

Anayejali upande mmoja tu, kwa mfano mhandisi anayehofia maji kupanda kuliko kushuka, ana kikomo chake, kilichopewa jina la Mwitalia Francesco Cantelli. Kwa upande mmoja, sehemu iliyo mbali kwa mikengeuko k au zaidi haizidi 1/(1 + k²). Kwa mikengeuko miwili hiyo ni moja ya tano, asilimia 20, na Viktoria linaenea humo bila kuvunja sheria yoyote.