Jinsi bei ya mfuko wa dhahabu inavyoifuata dhahabu yenyewe

MWEKEZAJI anayenunua kipande cha mfuko wa NewGold hanunui hisa za kampuni ya migodi, bali hati inayodhaminiwa na dhahabu halisi iliyohifadhiwa.

Mfuko huo uliorodheshwa Johannesburg mwaka 2004, kisha katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2017. Awali kila kipande kiliwakilisha takriban 1/100 ya wakia. Kiasi hicho hupungua polepole kwa kuwa gharama za uendeshaji hulipwa kutokana na dhahabu hiyo hiyo.

Hata hivyo, bei ya sokoni huamuliwa na wanunuzi na wauzaji. Kinachoizuia isiachane na thamani ya dhahabu ni kwamba wafanyabiashara wakubwa wanaweza kukabidhi dhahabu wakapewa vipande vipya, au kurejesha vipande wakapewa dhahabu.

Kwa mfano, dhahabu iliyomo katika kipande ikiwa na thamani ya Sh4,000 na kipande kikauzwa Sh4,200, mfanyabiashara atanunua dhahabu, atapokea vipande na kuviuza. Atapata Sh200 kwa kila kipande kabla ya gharama. Vipande vikiongezeka sokoni, bei hushuka. Kikiuzwa Sh3,800, atafanya kinyume na bei itapanda.

Pale mauzo yanapokuwa haba, pengo hilo huweza kudumu. Dalili yake ni bei kusimama siku kadhaa ilhali dhahabu imepanda duniani. Katika hali hiyo, ni salama zaidi kumwagiza dalali asivuke bei iliyotajwa.