Barua kwa Kocha: Vijiko Viwili vya Unga

Kocha, mimi ni mama wa kiungo wako, jezi namba 8.

Jumamosi alirudi kutoka mechini, akaoga, akala, akajilaza saa tatu. Saa saba na nusu usiku nikamkuta macho makavu, mikono inatetemeka, moyo unamwenda mbio. Nikadhani ni malaria. Ndipo akanieleza habari za kopo ambalo wachezaji wamelichangia fedha: kila mmoja huchota kijiko kimoja cha unga, akakoroga kwenye maji, akanywa kabla ya mechi. Siku hiyo, kwa kuwa wapinzani walikuwa wagumu, yeye alichota viwili.

Nikamwambia alilete. Ubavuni limeandikwa kwamba kijiko kimoja kina miligramu 300 za kafeini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya inakadiria kuwa kijana wa umri wake hatarajiwi kudhurika akitumia hadi miligramu 3 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwanangu ana kilo 52, kwa hiyo kiasi chake ni 156. Kijiko kimoja tu ni karibu mara mbili ya hapo, naye alikunywa 600.

Na kafeini haitoki mwilini haraka. Kwa kawaida nusu yake huchukua kama saa 5 kuondoka. Alikunywa saa tisa na nusu alasiri. Saa mbili na nusu usiku zilikuwa zimebaki kama 300, na nilipomshika mkono saa saba na nusu, bado 150 zilikuwa zinazunguka kwenye damu. Ni kana kwamba ndiyo kwanza amemaliza kiasi chake cha siku nzima.

Hayo ni yale yaliyoandikwa. Maabara ya Cologne, Ujerumani, iliwahi kupima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13, ikakuta 94 vina viambata vya homoni ambavyo havikutajwa kwenye lebo. Sisemi kopo hili linavyo. Ila kwa macho hakuna awezaye kujua, si wewe, si mimi, si muuzaji. Na mchezaji akipimwa akakutwa navyo, kosa huhesabiwa lake, hata kama hakujua alichokunywa.

Sikulaumu, Kocha, huenda hata hukuwa na habari. Kama vijana wanaona miguu mizito kipindi cha pili, waulize kwanza walikula nini mchana. Wangu huwa anakwenda mechini na chai na andazi moja. Kuanzia Jumamosi hii nitampikia wali na maharage saa sita, ashibe mapema.

Kopo liko kwangu, juu ya kabati. Aliyechangia aje na mzazi wake, nitamrudishia hela yake.