Namna ya Kumwomba Mnunuzi Maoni Yake

Baadhi ya wanachama wetu hutengeneza sabuni yenye mafuta ya karafuu na kuipeleka kwa wenye maduka, hapa kisiwani na Dar es Salaam. Baadaye hutaka kujua kama sabuni imependeza, nao hupeleka ujumbe wa simu wa namna hii:

“Vipi ile sabuni? Tupe maoni yako, chochote kile, tutafurahi.”

Jibu linalorudi mara nyingi ni “Nzuri tu, alhamdulillahi,” au halirudi kabisa. Mtengenezaji hajui kama sabuni imeuzika au imelala kabatini, naye huenda akatengeneza nyingine vile vile. Kosa si la mwenye duka. Ameulizwa “chochote”, basi imekuwa kazi yake kufikiri aseme nini. Hajui kama latakiwa neno moja au barua nzima, wala hajui jibu lake litatumika wapi. Mtu mwenye wateja mlangoni huiahirisha kazi kama hiyo, kisha huisahau.

Twapendekeza ujumbe ule uandikwe hivi:

“Assalaam alaykum, Bi. (jina lake). Mwezi uliopita ulichukua kwetu vipande 48 vya sabuni ya karafuu. Twakuomba utujibu maswali manne mafupi juu yake; yatakuchukua kama dakika nne. Majibu yako yatatusaidia kuamua harufu na karatasi ya kufungia kabla hatujatengeneza nyingine. Ukiweza, tujibu kabla ya Alhamisi. Ukiwa huna nafasi, hapana lawama. Ahsante. (Jina lako), Wete.”

Chini yake yafuate maswali yenyewe:

1. Katika vipande 48, vimeuzika vingapi?
2. Karatasi ilifika kavu au imeloa mafuta?
3. Wateja waonaje harufu: kali mno, ya kadiri, au hafifu?
4. Tukirekebisha jambo moja tu, liwe lipi?

Tazameni tofauti. Mnunuzi ametajiwa jina lake na mzigo wake, akajua kwamba ujumbe haukutupwa kwa kila mtu. Ameambiwa sababu ya kuulizwa, idadi ya maswali, muda wake na siku ya mwisho. Tena ameachiwa uhuru wa kukataa bila ya kuona haya. Hakuulizwa “umeipenda kiasi gani?”, kwani swali hilo limekwisha kumtia jibu kinywani.

Neno la dakika ndilo lataka uangalifu. Msilikisie, bali lipimeni. Wapeni maswali watu watatu wasiohusika na kazi yenu, wayajibu kwa simu zao wenyewe, nanyi mtazame saa. Tuseme wa kwanza atumia dakika mbili, wa pili mbili na nusu, wa tatu karibu nne. Andikeni nne. Huyo wa tatu huenda ndiye anayefanana zaidi na mwenye duka anayejibu huku akipima sukari. Mtaona pia kwamba swali la nne, la kuandika kwa maneno, ndilo linalokula wakati. Kwa hiyo moja la namna hiyo latosha.

Pengine mtu atasema, “Tukiandika dakika moja, watajibu wengi zaidi.” Jambo hili limepata kujaribiwa. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2001, Crawford, Couper na Lamias waliwaambia baadhi ya wanafunzi wa chuo kikuu kwamba maswali yatachukua dakika 8 hadi 10, na wengine dakika 20. Walioambiwa muda mfupi walianza kwa wingi zaidi, lakini pia walioachia njiani walikuwa wengi zaidi kati yao. Kwa hiyo muda ukiwa mrefu, dawa si kuuficha. Futeni swali moja, kisha pimeni tena.

Asiyejibu akumbushwe mara moja tu, baada ya siku tatu au nne, kwa maneno mafupi yenye kutaja dakika zile zile. Asipojibu tena, aachwe. Aliyekwisha kujibu asipelekewe ukumbusho, maana ataona jibu lake halikusomwa.

Mwisho, msihesabu kimya kuwa ni sifa. Mkiwauliza wenye maduka 20 na wakajibu 8, mnayo maoni ya wanane. Wale 12 huenda ndio sabuni iliyowalalia. Kabla ya kutengeneza kwa wingi, wapigieni simu wawili au watatu katika hao, na muwaulize lile swali la kwanza peke yake: vimeuzika vingapi?