Ghorofa Jipya Kimara: Kujaza Apatimenti 16 Ndani ya Wiki 8

Tuchukue jengo la aina inayochipuka kila kona ya Kimara siku hizi: sakafu ya chini na ghorofa tatu juu yake, apatimenti 16, nne kila sakafu, kila moja na chumba, sebule, jiko na choo cha ndani. Mwenye nyumba ameulizia kwa majirani, akaridhika kwamba 350,000 kwa mwezi ni bei ya haki. Rangi ya mwisho inakauka, mkopo wa benki unakaribia kuanza kudai, naye anataka jengo lijae ndani ya miezi miwili.

Wengi walio katika hali yake hufikiria kodi ya mwezi tu. Mpangaji wa Dar es Salaam, kabla ya hiyo, anapiga hesabu ya hela ya kuingilia. Akidaiwa miezi sita, hiyo ni 2,100,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, 350,000. Jumla ni 2,450,000 kabla hajalipia hata Kirikuu la kubebea vitanda. Mfanyakazi anayepokea milioni moja na laki mbili anaimudu kodi ya jengo hili, ila milioni mbili na nusu kwa mkupuo hana. Atapanda ngazi, atasifia vigae, ataaga, na simu yake hutaisikia tena.

Mwenye nyumba akiona kimya, hushusha kodi. Tuseme ameifikisha 320,000. Hela ya kuingilia sasa ni 2,240,000, yaani mlango bado umefungwa kwa yule yule. Angeacha kodi palepale, akapokea miezi mitatu na kumlipa dalali mwenyewe, mpangaji angeingia kwa 1,050,000. Gharama ya dalali ni 350,000, mara moja basi. Punguzo la 30,000 kila mwezi ni 360,000 kwa mwaka, na mwaka wa pili linaendelea, maana wapangaji wa ngazi moja huambiana bei kabla hata ya kujuana majina.

Hofu yake inaeleweka: akipokea miezi mitatu kwa kila mtu, mkononi atapata milioni 16.8 badala ya milioni 33.6 za miezi sita. Ndiyo maana masharti yafaa yachanganywe. Apatimenti sita zitolewe kwa miezi mitatu, dalali akilipwa na mwenye nyumba. Sita nyingine kwa miezi sita kama ilivyozoeleka. Nne zilizobaki ziwe za anayeweza kulipa mwaka mzima, naye apewe mwezi wa 13 bure. Zikipata watu zote, makusanyo ni milioni 35.7, na ukitoa milioni 2.1 za madalali unarudi kwenye milioni 33.6 zilezile. Wa mwaka mzima wasipojitokeza kufikia wiki ya tatu, nafasi zao zigeuzwe za miezi sita. Kuwasubiri ni kulaza nyumba.

Hesabu hiyo haina maana kama maji hayapandi. Maandalizi yaanze wiki sita kabla ya kufungua, na yaanzie kwenye umeme na maji, si kwenye bango. Kila apatimenti iwe na mita yake ya LUKU. Mita moja ya nyumba mbili ni ugomvi wa kila wiki: huyu ana friji, yule ana pasi tu, na tokeni zimeisha usiku. Mkataba useme pia habari ya kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayeona makato ni mpangaji anaponunua umeme. Waandike mapema jinsi atakavyorudishiwa.

Kwa maji, kadiria watu 50 katika apatimenti 16. Kila mmoja akitumia lita 80, jengo linakunywa lita 4,000 kwa siku. Tanki la lita 10,000 litavumilia siku mbili na nusu DAWASA wakikata. Kisha kipo kipimo ambacho fundi hakupendi: saa kumi na mbili asubuhi, fungua mabomba yote ya ghorofa ya tatu kwa pamoja. Watu hudhani walio juu, karibu na tanki, ndio wenye maji ya nguvu. Ni kinyume. Nguvu ya maji hutokana na kimo yanachoshuka, na kutoka tanki la paani hadi bafu la ghorofa ya tatu kimo ni kidogo kuliko popote. Yakichuruzika, tanki liinuliwe kwenye mnara au ifungwe pampu ndogo kabla mgeni wa kwanza hajafika. Mgeni atafungua bomba. Wote hufungua.

Ghorofa hiyo ya tatu ndiyo huwa inabaki. Lifti hakuna, mtungi wa gesi unabebwa begani, na wanaowahi huchagua sakafu ya chini na ya kwanza. Kwa hiyo tofauti ya bei iwekwe tangu siku ya kwanza, kwa mfano 330,000 kwa juu na 360,000 kwa ghorofa ya kwanza, na wageni wa mwanzo waonyeshwe juu kwanza wakati bado wana hamu. Apatimenti ya kuonyesha iwe imefagiliwa, ina mapazia na taa inawaka. Wapangaji wengi hapa hushuka mwendokasi kutoka mjini baada ya kazi, na wanafika giza limeingia.

Madalali waitwe wengi, wala asipewe mmoja peke yake. Dawa ya cha juu ni bei kuandikwa wazi kwenye bango la jengo, kwenye tangazo la Instagram na kwenye kila picha inayotumwa WhatsApp. Ukiandika "bei piga simu" umempa dalali ruhusa ya kuitaja apendavyo.

Baada ya kufungua, mlinzi au msimamizi awe na daftari lenye safu tatu: waliopiga simu, waliofika, waliolipa. Tuseme katika watano wanaofika mmoja hulipa, na katika watatu wanaopiga mmoja hufika. Kujaza 16 kunahitaji wageni 80 na simu 240, sawa na simu 30 kwa wiki. Daftari likionyesha simu nane, tangazo halionekani au bei imezidi mtaa. Simu nyingi bila wageni, mara nyingi kosa ni njia: wanaelekezwa vibaya, au ni masika na barabara ya ndani ni tope ambalo bajaji haziingii. Wageni wengi bila malipo, tatizo limo ndani ya geti, yaani maji, masharti, au msimamizi anayejibu kwa mkato. Matatizo haya matatu hayatibiwi kwa dawa moja, na kushusha kodi kunagusa la kwanza tu.

Shinikizo la wiki ya saba ndilo huleta wapangaji wa majuto. Kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa anakotoka na simu moja kwa mwenye nyumba wake wa zamani havichukui zaidi ya siku mbili, hata kama zimebaki apatimenti mbili tu.

Na masharti yale mchanganyiko yana faida nyingine inayoonekana baadaye. Jengo lililojazwa lote kwa mikataba ya miezi sita ndani ya wiki nane hufikia ukomo lote ndani ya wiki nane, na mwenye nyumba anaanza upya. Hapa walioingia kwa miezi mitatu, wakiongezewa sita, watafikia mwezi wa tisa. Wa miezi sita watafika wa sita na wa 12. Wa mwaka watafika wa 13. Hakuna mwezi ambao zaidi ya apatimenti sita zinajadiliwa kwa pamoja.