Utapeli wa Simu: Swali Gani Tumuulize Mwanafunzi?

Mwanafunzi wa sekondari anayetaka kushiriki mashindano ya Young Scientists Tanzania halazimiki kuja na mashine au dawa ya wadudu. Anaweza kutafiti tabia za watu, na jinsi vijana wenzake wanavyojilinda na matapeli wa mtandaoni ni mada iliyo karibu naye kabisa. Ugumu unaanzia kwenye dodoso.

Wengi huandika swali la namna hii: "Je, unaufahamu utapeli wa mtandaoni?" Darasa zima litajibu ndiyo. Nani hajawahi kupokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja..."? Mtafiti ataandika kwamba uelewa ni mkubwa, ilhali alichopima ni umaarufu wa meseji moja tu.

Njia bora ni kuwapa kazi ya kufanya. Chapisha meseji 10 kwenye karatasi: 5 halisi na 5 za kitapeli, zikiwa zimechanganywa. Acha jina au namba ya mtumaji ionekane, maana hapo ndipo penye ushahidi. Meseji isemayo umepokea shilingi 50,000, ikitoka namba ya kawaida ya simu, kisha mtu anapiga akilia kwamba amekosea namba na umrudishie, ni bandia hata kama maneno yake yamenakiliwa vizuri. Na kwa kuwa hata jina la mtumaji linaweza kughushiwa, mwanafunzi aulizwe pia: ungehakikisha vipi? Jibu linalotakiwa ni kuangalia salio mwenyewe. Kwa M-Pesa ni kupiga *150*00#, si kuisoma tena meseji ile ile. Nyingine iwe ya rafiki anayedai ametuma kimakosa kwenye simu yako tarakimu 6 za WhatsApp na anaomba umpe. Ukimpa, anaifungua akaunti yako kwenye simu yake, kisha anaanza kuwakopa ndugu zako.

Sasa kusahihisha. Tuseme Asha ameweka alama ya "utapeli" kwenye meseji zote 10. Amezinasa bandia zote 5, lakini pia amezikataa halisi zote 5. Juma amenasa bandia 4 na kukosea halisi 1. Ukihesabu bandia tu, Asha ni bingwa. Ukweli ni kwamba hakutofautisha chochote, aliogopa tu. Kwa hiyo kila mwanafunzi apewe hesabu mbili, ya bandia alizozinasa na ya halisi alizozishuku bure. Hii ya pili ndiyo husahaulika, na ndiyo inayoonyesha kama semina ya shuleni ilifundisha kutambua au ilitia hofu tu.

Kwenye nywila, usimuulize mtu nywila yake, hata kwa karatasi isiyo na jina. Utakuwa umekusanya siri za watu, na wewe mwenyewe utageuka hatari. Uliza ilikotoka: ni jina, timu, au mwaka wa kuzaliwa? Nani mwingine anaijua? Inatumika kwenye akaunti ngapi? Swali hili la mwisho ni zito, kwa sababu nywila ikivuja kwenye tovuti moja, wezi huijaribu kwenye barua pepe na mitandao mingine ya mtu huyo huyo.

Namba ya siri ya tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000. Ukitumia siku na mwezi wa kuzaliwa, inabaki 366. Ukitumia mwaka, na wewe ni wa kidato cha tatu, mwenzako anahitaji kubahatisha mara nne au tano tu. Na hapa anayebahatisha mara nyingi si mdukuzi wa ng'ambo, ni yule mnayelala naye bweni moja au mpenzi mliyegombana juzi.

Kuna kikwazo cha kwetu ambacho madodoso ya kunakili hayakioni: shule nyingi zinakataza simu. Mwanafunzi akiona mwalimu wa nidhamu amesimama mlangoni, ataandika kwamba hana simu wala akaunti. Mwalimu atoke nje, karatasi zisiwe na majina, zikusanywe kwenye boksi. Ruhusa ya mkuu wa shule na wazazi iombwe mapema. Tena ni marufuku kuwatumia watu meseji za kitapeli ili "kuwapima". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haitauliza kama ulikuwa ukitafuta medali.

Matokeo ya darasa moja la wanafunzi 40 ni ya darasa hilo, si ya vijana wa Tanzania. Yaandikwe hivyo hivyo.

Na zile meseji za matapeli mtakazokusanya zisiishie kwenye bango la maonyesho. Tuma neno UTAPELI kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA, kisha fuata maelekezo uitaje namba iliyokutumia.